Mama Ikiwa na Sakafu ya Hamsini

Jina alilopewa na wazazi wake, watu wa jengo lile walikuwa wamelisahau zamani. Walimwita Mama Ikiwa. Alilichukia jina hilo kuanzia siku ya kwanza, na kwa kuwa alilichukia waziwazi, likamganda.

Alikuwa fundi wa miwani. Duka halikuwa lake. Lilikuwa la bosi, mpima macho, ambaye alikaa chumba cha mbele chenye kiyoyozi na bango la herufi, naye akakaa chumba cha nyuma na mashine ya kusaga lenzi. Mteja akishapimwa, cheti kilipenyezwa kwake kupitia kidirisha. Yeye ndiye aliyepima umbali kati ya mboni na mboni, akatia alama ya wino kwenye lenzi, akaisaga ukingo taratibu mpaka ikaingia kwenye fremu bila kulazimishwa. Ukikosea kwa unene wa kucha, mteja ataona vizuri na bado ataumwa kichwa kutwa, wala hatajua kwa nini. Kazi kama hiyo humfundisha mtu kutopenda neno "takriban".

Alikuwa na hamu moja tu ya maisha, na kila mtu katika ukumbi ule wa vyumba vya mafundi aliijua: mashine yake mwenyewe. Mashine ya mitumba, si mpya. Alikwisha kuiona kwa muuzaji mmoja, akaigusa, akalizungusha jiwe lake kwa kidole, akaambiwa itamsubiri hadi mwisho wa mwaka. Mwisho wa mwaka ndipo kikundi chao cha akiba kilipokubaliana kugawana hisa walizonunua pamoja, kila mtu na fungu lake. Fungu lake, hisa zikibaki salama na gawio likiongezwa, yaani faida ambayo kampuni huwalipa wenye hisa, lingetosha mashine, kwa kubana. Zikiuzwa ovyo, lisingetosha. Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi hivyo, na ndiyo iliyomkosesha raha.

Kikundi chenyewe kilikuwa cha wapangaji wa jengo: mchomeleaji, kinyozi, mshonaji, muuza betri, mama wa uji wa asubuhi, na wengineo. Nusu ya akiba waliiweka benki. Nusu ya pili waliinunulia hisa elfu nne za kiwanda cha saruji. Yeye ndiye aliyewashawishi. Alikuwa amehudhuria masomo ya bure ya Jumamosi kwenye ofisi ya dalali wa hisa, mwaka mzima, akikaa mstari wa mbele na daftari la mwanawe lililobaki kurasa. Watu walipomuuliza hisa ni nini aliwajibu, "Ni tofali lako moja kwenye kiwanda cha mtu." Wakacheka, wakaelewa, wakatoa pesa.

Tangu hapo kila Jumamosi mchana, duka likishafungwa, aliandika karatasi moja ya mwelekeo wa soko. Moja tu, upande mmoja. Aliandika bei ambayo hisa ilifungia Ijumaa, siku ya mwisho ya soko katika wiki. Kisha viwango viwili. Kimoja alikiita sakafu: bei ambayo mara kadhaa hisa ilishuka hadi hapo, wanunuzi wakajitokeza, ikainuka. Kingine alikiita dari: bei ambayo kila ikipanda hadi hapo wauzaji walijitokeza, ikarudi. Baada ya viwango zilikuja njia mbili. Ikiwa wiki itafunga juu ya dari, tunafanya hivi. Ikiwa itafunga chini ya sakafu, tunafanya vile. Ikibaki katikati, tunakaa kimya.

Mwenzangu msomaji utasema ni jambo rahisi. Jaribu kuwaambia watu walioweka jasho lao mahali kwamba hujui litakalotokea.

"Sasa itapanda au itashuka?" Hilo ndilo lililokuwa swali la kila Jumapili.

Jumapili ambayo mambo yalianza kuharibika walikuwa wamekaa kwenye karakana ya mwenyekiti, juu ya mabomba na viti vya plastiki. Mwenyekiti ndiye mchomeleaji, mtu mnene mwenye sauti ya kushinda grinda yake, jina lake la utani Cheche. Mhazini alikuwa kinyozi, kijana mtaratibu asiyependa ugomvi, na pengine ndiyo maana alipewa fedha. Katibu ndiye mshonaji, dada wa mumewe Mama Ikiwa, na alikuwa wifi kwelikweli, wa kukuombea mema huku akikuchoma.

Wifi ndiye aliyesoma karatasi kwa sauti. "Bei ya Ijumaa: hamsini na tatu. Sakafu: hamsini. Dari: hamsini na saba. Njia ya kwanza: ikiwa wiki itafunga juu ya dari, tunabaki na hisa zote na mchango wa mwezi tunanunulia nyingine. Njia ya pili: ikiwa wiki itafunga chini ya sakafu, tunauza nusu, fedha inakwenda benki..."

"Ikiwa, ikiwa, ikiwa!" Cheche akapiga paja. "Huyu mama akipika chai anasema ikiwa itachemka tutakunywa, ikiwa haitachemka tutaogea!"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Muuza betri alicheka mpaka akashika bomba lisimwangushe.

"Mwenyekiti," Mama Ikiwa akasema, "wewe ukichomelea geti unamwambia mwenye nyumba mwizi hataingia?"

"Namwambia akiingia atapata tabu."

"Ee, *akiingia*. Na hiyo si ikiwa?"

"Hiyo ni ikiwa ya kiume," Cheche akasema, watu wakacheka tena, na hoja ikafia hapohapo. Hivyo ndivyo hoja zilivyokufa pale, hazikujibiwa, zilichekwa tu.

Wifi akainamia karatasi kuendelea. "Bado kuna angalizo hapa chini..."

"Wifi yako ana maangalizo kama sheikh wa ndoa," Cheche akamkatiza. "Tushaelewa. Hamsini ndiyo mpaka. Watu wana njaa, tufunge."

Mama Ikiwa alifungua mdomo. Angeweza kusimama. Angeweza kusema kaeni chini, hilo angalizo ndilo lenye uzito wiki hii. Lakini mama wa uji alikwisha kunyanyuka na kiti chake, kinyozi alikuwa anatazama mlango ambako mteja alimsubiri, na yeye mwenyewe alikuwa amechoka kuonekana mwalimu mbele ya watu wasiotaka shule. Akafunga mdomo. Karatasi ikabandikwa ukutani kwa gundi ya karatasi, na Cheche, kama kawaida yake, akachukua chaki akaandika muhtasari kwenye ubao wa ukumbini, pale wote wanapopita kwenda msalani:

CHINI YA 50 TUNAUZA.

Ndivyo alivyofupisha. Neno "nusu" lilikuwa limeanguka. "Wiki ikifunga" ilikuwa imeanguka. Na angalizo, mistari miwili ya mwisho ambayo hakuna aliyeisoma, lilisema hivi: *Jumatano hii hisa zinaanza kuuzwa bila gawio. Gawio ni nne kwa hisa, na ni letu kwa kuwa tulikuwa nazo kabla. Hivyo kuanzia Jumatano ondoa nne kwenye kila kiwango: sakafu ni arobaini na sita, dari ni hamsini na tatu.*

Alipita mbele ya ubao ule Jumatatu asubuhi, akausoma, akasimama. Akamwendea Cheche aliyekuwa ameinamia dirisha la chuma na kinyago usoni.

"Mwenyekiti, umeandika nusunusu."

"Nini?" Grinda ikanguruma.

"Nasema ubao! Ongeza wiki ikifunga! Na Jumatano viwango vinashuka!"

"Nitaongeza!" akapiga kelele kutoka ndani ya kinyago. "Nenda kazini, mama, utachelewa!"

Hakuongeza. Naye hakurudi kuhakikisha, maana bosi alikuwa na fremu za shule nzima zilizotakiwa wiki ile, na chumba cha nyuma kilikuwa na sheria moja: simu inakaa kwenye droo mpaka saa ya chakula.

Sasa elewa kilichotokea Jumatano, kwa kuwa wao hawakuelewa. Mtu anayenunua hisa Jumanne ananunua tofali pamoja na gawio lake. Anayenunua Jumatano anapata tofali peke yake, gawio limekwisha kuwa la mwenye tofali wa jana. Ni nani mwenye akili atakayelipa bei ileile? Hisa iliyofunga hamsini na tatu Jumanne ikafungua arobaini na tisa Jumatano. Hakuna aliyepoteza kitu. Nne ilitoka mfuko wa kushoto ikawa njiani kuelekea mfuko wa kulia. Lakini kwenye simu ya muuza betri ilionekana namba nyekundu na mshale wa kwenda chini, na ukumbini kulikuwa na ubao.

Saa ya chakula alipofungua droo, simu ilikuwa imejaa.

*Jamani mmeona??* Muuza betri. *49!!!*

*Sakafu imetoboka.* Mama wa uji.

*Kiwanda kinafilisika, shemeji yangu anafanya kazi karibu na hapo, kasema magari ya saruji ni machache.* Mtu mwingine.

*Mama Ikiwa uko wapi? Mama Ikiwa jibu.*

*Ubao umeshasema.* Cheche. *Kanuni ni kanuni. Mimi na mhazini tuko njiani kwa dalali. Tunauza zote.*

*Zote.* Mkono wake ulikuwa na vumbi la lenzi, na alipoishika simu kioo kikawa cheupe, akakifuta kwenye aproni, akapiga. Cheche hakupokea. Kinyozi hakupokea. Akampigia wifi.

"Wifi! Wazuie!"

"Niwazuie na nini, wifi yangu, na tepu ya kupimia viuno? Wametoka zamani. Si wewe uliyeandika hamsini?"

"Nimeandika na angalizo!"

"Angalizo lako lilikuwa chini kabisa," wifi akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na mzaha. "Mimi mwenyewe nilikuwa sijalifikia."

Alivua aproni. Mezani palikuwa na lenzi moja ya mtoto wa shule, imetiwa alama, haijasagwa. Akachungulia kidirishani. Bosi alikuwa na mteja kwenye kiti, akimwambia asome mstari wa tatu.

"Bosi, natoka kidogo."

"Unatoka wapi? Fremu za shule?"

"Dakika chache, bosi. Nina dharura."

"Mtu amekufa?"

Akafikiria kudanganya. "Hapana."

"Basi siyo dharura."

Akatoka. Alisikia jina lake la kweli likiitwa nyuma yake, lile lililoandikwa kwenye orodha ya mishahara, na hakugeuka.

Ofisi ya dalali ilikuwa ghorofa ya kwanza juu ya duka la magodoro, mitaa michache kutoka pale. Alipanda ngazi mbilimbili. Ndani palikuwa na kaunta, mabenchi mawili, na televisheni ndogo iliyopitisha bei za hisa kwa mstari. Cheche na kinyozi walikuwa wamekaa benchi la mbele kama watu wanaosubiri majibu ya maabara. Cheche alikuwa amevaa shati safi. Hilo lilimuumiza kuliko yote: alikuwa amekwenda nyumbani kuvaa shati safi la kuja kuwaunguza.

"Mmeuza?"

"Tunauza," Cheche akasema. "Karibu ukae."

"Ngapi zimekwenda?"

Dada wa kaunta, ambaye alimfahamu tangu masomo ya Jumamosi, akatazama skrini yake. "Elfu moja na mia tano zimepata wanunuzi, dada. Kwa arobaini na nane. Wa bei hiyo wameisha. Zilizobaki ziko foleni, zinasubiri mtu wa arobaini na saba."

"Unaona?" Cheche akamgeukia kinyozi. "Inazidi kushuka. Tumewahi."

"Inashuka kwa sababu *ninyi* mnauza!" Mama Ikiwa alipaza sauti mpaka mzee aliyekuwa akisinzia benchi la nyuma akaamka. "Soko hili ni dogo, Mwenyekiti! Ukimwaga elfu nne kwa mpigo, nani atazipokea? Ni wewe unaishusha, halafu unaitazama unasema inashuka!"

"Usinipigie kelele mbele ya watu."

"Ulisoma karatasi?"

"Nilisoma."

"Mpaka mwisho?"

Cheche akarekebisha kola ya shati lake. Kinyozi akatazama viatu vyake.

Akawaeleza. Aliwaeleza gawio, na tofali, na mfuko wa kushoto na wa kulia. Aliwaeleza kwamba leo sakafu si hamsini tena, ni arobaini na sita. Tena hata ingekuwa hamsini, leo ni Jumatano, na karatasi inasema wiki ikifunga, na wiki hufunga Ijumaa. Tena hata ingefunga chini, karatasi inasema nusu. Makosa matatu kwa mstari mmoja wa chaki. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na alijua kwamba mtu anayetetemeka huonekana hana hakika, na hilo likamtetemesha zaidi.

Cheche akageukia kaunta. Hakumwuliza yeye. Alimwuliza yule dada mwenye kitambulisho kifuani. "Ni kweli anayosema? Hiyo nne tutalipwa?"

"Ni kweli, mzee. Mlikuwa kwenye rejista ya wenye hisa. Mtalipwa tarehe ikifika."

"Na ulikuwa umekaa kimya?"

"Mimi napokea amri ya mteja, mzee. Nilikuuliza una uhakika, ukaniambia kanuni ni kanuni."

Miaka mitatu ya karatasi kila Jumamosi, na neno la Mama Ikiwa lilihitaji kupitia mdomo wa mtu mwingine ndipo liwe kweli.

"Zilizouzwa hazirudi," dada wa kaunta akasema. "Zilizo foleni naweza kuzifuta mkisaini wote wawili, sasa hivi, kabla hajatokea mnunuzi."

Kinyozi alikuwa wa kwanza kunyanyuka. "Tusaini, Mwenyekiti."

"Subiri kwanza. Na kesho ikishuka hadi arobaini? Watu watanila nyama."

"Ikishuka na kufunga wiki chini ya arobaini na sita," Mama Ikiwa akasema, "nitakuja mwenyewe na wewe hapa, na tutauza. Sijasema haitashuka. Sijawahi kusema haitashuka!"

"Ndiyo tatizo lako hilo," Cheche akasema. "Hujawahi kusema kitu."

Lakini akasaini. Alisaini kama mtu anayesaini faini, akaondoka mbele yao bila kuaga, shati lake safi limeloa mgongoni.

Mama Ikiwa aliporudi dukani, ile lenzi ya mtoto ilikuwa palepale. Bosi hakugomba. Ilikuwa bora angegomba. Alimpitishia kupitia kidirisha karatasi ya onyo, imeshapigwa mhuri, na kusema nusu siku haitalipwa. Akaisaini juu ya meza yenye vumbi la kioo, akaketi, akawasha mashine ya mtu mwingine.

Ijumaa hisa ilifunga arobaini na tisa. Juu ya sakafu kwa tatu nzima, chini ya dari kwa nne. Katikati. Aliitazama namba hiyo kwenye simu akiwa nyumbani, mumewe akipiga pasi sare yake ya ulinzi.

"Si umeshinda, mke wangu?"

"Nimeshinda nini? Zile elfu moja na mia tano zimekwenda kwa arobaini na nane, na dalali amekata kamisheni yake. Leo ni arobaini na tisa."

"Tofauti ya moja tu."

"Moja kwa kila hisa, na kamisheni. Kwenye fungu langu inatosha kunikosesha mashine. Nilikuwa nimebana mpaka mwisho, Baba Watoto. Hakukuwa na nafasi ya mtu kukosea."

Mume akapindua shati upande wa pili. "Na wewe hukukosea?"

Swali halikuwa na ubaya, ndiyo maana lilimwingia. Alikaa nalo Jumamosi nzima mbele ya karatasi tupu. Alikuwa na hasira na Cheche, na ubao, na kicheko chao. Alikuwa na haki ya hasira hiyo na hakutaka mtu amnyang'anye. Lakini ni nani aliyeandika hamsini kwa herufi kubwa juu, na arobaini na sita kwa herufi ndogo chini, kwa watu wanaosoma wamesimama? Yeye angempa mteja lenzi ya siku mbili, kisha amwachie kikaratasi cha kumweleza kwamba Jumatano ataibadilisha mwenyewe? Aliijua siku ya gawio wiki nzima kabla. Ilimpasa kuandika namba ya Jumatano juu, na kuiacha ile ya Jumatatu ife. Hakufanya hivyo kwa kuwa, tuseme ukweli, alitaka karatasi yake ionekane kamili. Akaandika upya. Safari hii sakafu na dari zilikaa kwenye mstari mmoja, na chini hapakuwa na kitu.

Jumapili karakana ilijaa kuliko kawaida. Watu huja kwa wingi palipo na ugomvi. Wifi alimpa karatasi. "Soma mwenyewe leo. Mimi sitaki lawama za watu."

Akasimama, akasoma. "Bei ya Ijumaa: arobaini na tisa. Sakafu: arobaini na sita. Dari: hamsini na tatu. Ikiwa wiki itafunga juu ya dari, tunanunua kwa zile fedha za mauzo. Ikiwa itafunga chini ya sakafu, tunauza nusu ya zilizobaki. Katikati, tunakaa. Hakuna kuuza wala kununua kabla ya Ijumaa kufunga. Na ubaoni haitaandikwa mstari wowote ila karatasi hii ibandikwe nzima."

Hakuna aliyecheka. Muuza betri akanyoosha mkono.

"Mimi nina neno. Tumekosea, sawa. Mama alisema tusiuze, tukauza, na sasa bei imeanza kupanda tangu zile tulizomwaga. Tusahihishe. Kesho asubuhi tuzinunue tena zilezile elfu moja na mia tano."

"Naunga mkono!" Mama wa uji.

"Hapo sasa!" Cheche akanyanyuka, uso umemng'aa. Alikuwa amepata mlango wa kutokea. "Kesho mimi na mhazini tunakwenda. Na Mama Ikiwa anapata mashine yake mwisho wa mwaka, na mimi mnaniacha nipumue. Mama, furahi basi!"

Wote wakamgeukia, wakitabasamu. Walikuwa wanampa zawadi. Naye aliona kabisa: zikinunuliwa kesho kwa arobaini na tisa, na bei ikipanda kama nusu ya watu mle walivyoamini, pengo lake lingezibika. Jiwe lile la kusagia lilimjia vidoleni, ubaridi wake na yote. Lilikuwa karibu hivyo.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?"

"Tusinunue. Bei iko katikati. Karatasi inasema katikati tunakaa."

Karakana ikalipuka.

"Huyu ana nini?"

"Jumatano umekuja unatokwa povu tusiuze, leo hutaki tununue?"

"Mama, unatutania?"

"Jumatano sikusema itapanda!" Alikuwa anapiga kelele sasa, na hakujali. "Nilisema haijavunja sakafu! Na leo haijavunja dari! Mnataka kununua kwa sababu mnaona aibu, kama mlivyouza kwa sababu mliogopa. Aibu siyo kiwango! Tutalipa kamisheni ya kununua juu ya ile ya kuuza, halafu Jumatano ijayo mshale ukiwa mwekundu mtakimbia tena na shati safi!"

Cheche akajitazama kifuani. Mtu mmoja akaguna.

"Inaweza kupanda," kinyozi akasema polepole.

"Inaweza."

"Na ikipanda, utakuwa umejikosesha mwenyewe mashine."

"Najua! Unadhani sijui? Mimi ndiye niliyepiga hesabu! Mnafikiri sitaki kunyoosha mkono niseme kanunueni, itapanda, nimeota? Mngenipenda! Lakini nikisema leo kwa ajili ya mashine yangu, basi wiki ijayo msiniamini hata nikisema sakafu ni ipi. Piga kura, Mwenyekiti. Wanaotaka kukaa kimya."

Alinyoosha mkono wake peke yake. Ulikaa hewani muda mrefu kiasi cha kuanza kumwuma begani. Kisha kinyozi akanyoosha. Wifi akanyoosha huku ananung'unika, "Mwanamke huyu kaka yangu alimpata wapi." Wakafuata wawili, watatu, wengine kwa uchovu tu, wengine kwa kutoelewa na kutotaka kuonekana hawajaelewa. Muuza betri alikataa akakunja mikono. Cheche alihesabu, akahesabu tena, akaona kura za kukaa zimezidi kwa mkono mmoja, na akatikisa kichwa kama mtu aliyechomelea mlango akagundua yuko ndani.

"Siku ukifa, mama," akasema, "malaika wakikuuliza jina utawaambia ikiwa nimekufa."

Safari hii walicheka tena wote, na kicheko kikamuudhi uleule udhia wa siku zote. Akakunja karatasi, akaibandika mwenyewe, nzima, akasugua ubao kwa kiganja mpaka chaki ikamwingia kwenye mikunjo ya ngozi.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kuingia dukani, alimpigia simu yule muuzaji wa mashine. Akamwambia asimwekee tena, kama kuna mwingine anayeitaka amuuzie.

"Si ulisema mwisho wa mwaka, dada? Hela haijatimia?"

"Haitatimia."

"Hata bei ya hisa zenu ikipanda?"

Alikuwa amechoka hata na nafsi yake. "Sijui," akasema, akakata simu, akaingia chumba cha nyuma, na kuanza fremu za shule ambazo zilikuwa zimechelewa.